Anatomia ya wachoraji: msuli upi umekaza, upi umelegea

Anatomia ya wachoraji ni elimu ya mwili ambayo mtu huitafuta ili auchore, si ili autibu. Daktari akifungua mkono wa maiti anataka kujua ugonjwa ulikuwa wapi. Mchoraji anataka kujua kwa nini mkono ukiinuka nyama ya begani hukusanyika mahali pale, na kivuli kiangukie wapi. Katika Italia ya Renesansi, yaani karne ya 15 na 16, hasa mjini Firenze, elimu hiyo ilitafutwa kwa njia mbili zilizotegemeana: kumchora mtu hai akiwa uchi ndani ya karakana, na kupasua maiti.

Wazo lenyewe lilitangulia visu. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti, msanifu majengo na mwandishi wa Kiitalia, aliwashauri wachoraji waanze na mifupa, waipachike misuli, ndipo waivike nyama na ngozi, hata kama mtu wao atakuja kufunikwa nguo. Ushauri mzuri, lakini unadai kitu ambacho macho hayawezi kukiona kwa mtu aliyesimama mbele yako. Ngozi inaonyesha vilima na mabonde. Haisemi kilima kimoja kinaishia wapi wala kimeshikwa na nini.

Aliyewahi kuchuna mbuzi ana mwanga kidogo hapa. Nyama haikai kama donge moja. Inaachana kwa mafungu, kila fungu na utando wake mwembamba, na ncha zake zimegeuka kano nyeupe, ngumu, zilizoshika mfupa huu na mfupa ule. Fungu hilo ndilo msuli, na kazi yake ni moja tu: kuvuta. Msuli hausukumi. Ndiyo maana kiungo kinahitaji misuli ya pande mbili. Huu ukivuta kiwiko kikunjike, ule wa nyuma lazima ulegee, la sivyo mkono hauendi popote.

Asiyelijua hilo huvimbisha kila kitu. Tazama mchoro wa Antonio del Pollaiuolo, msanii wa Firenze, wa wanaume kumi walio uchi wakipigana, aliouchora kwenye bamba la shaba na kuupiga chapa, kati ya miaka ya 1460 na 1470 hivi. Ni kazi ya nguvu mno, na Vasari, mwandishi wa maisha ya wasanii, aliandika baadaye kwamba Pollaiuolo alichuna maiti nyingi ili aone kilicho chini ya ngozi. Lakini tazama miili yenyewe: anayepiga na anayeanguka wamekaza sawasawa, mbele na nyuma, mapaja, tumbo, mgongo. Mimi naamini jicho lake lilijua misuli iko wapi, ila lilikuwa halijajua inapokezana vipi. Leonardo da Vinci aliwakemea wachoraji wa namna hii bila kumtaja mtu. Alisema watu wao wa uchi wanafanana na gunia la kokwa kuliko mwili wa binadamu, au fungu la figili.

Leonardo alikwenda kutafuta jibu kwenye maiti. Majira ya baridi ya mwaka 1507 kuingia 1508, katika hospitali ya Santa Maria Nuova mjini Firenze, alizungumza na mzee aliyemwambia amepita miaka mia na hasikii maumivu yoyote isipokuwa udhaifu. Mzee akiwa ameketi kitandani akaaga dunia, kimya. Leonardo akampasua ili ajue sababu ya kifo cha upole namna ile, na akaandika kwamba kazi ilikuwa nyepesi kwa kuwa mwili ule haukuwa na mafuta yanayoficha viungo. Kwa kawaida haikuwa nyepesi. Hapakuwa na dawa ya kuhifadhi maiti wala barafu ya kutosha, hivyo watu walipasua wakati wa baridi na kwa haraka. Mwili mmoja uliharibika kabla mchoro mmoja haujakamilika. Ikabidi aunganishe alichokiona katika miili kadhaa, na aeleze hofu ya kulala usiku kucha karibu na maiti zilizochunwa. Mwaka 1517 alimwambia kardinali aliyemtembelea kwamba amepasua zaidi ya thelathini.

Kilichotoka humo kiko kwenye karatasi za mwaka 1510 na 1511, ambazo leo zimehifadhiwa Windsor, Uingereza. Bega moja amelichora kutoka pande nyingi, kama mtu anayelizunguka hatua kwa hatua. Mahali pengine ameondoa nyama na kuweka nyuzi badala ya misuli, ili mstari wa mvuto uonekane na kinachofichwa nyuma kisizibwe.

Ugunduzi wake mmoja unaweza kuupima hapo ulipo. Kunja kiwiko cha kulia nusu, kiganja kikitazama chini, kisha shika kwa mkono wa kushoto ule msuli wa mbele, juu ya kiwiko. Sasa geuza kiganja kitazame juu, kwa nguvu kama unayekaza parafujo, bila kuzidi kukunja kiwiko. Msuli unajaa mkononi mwako. Watu walidhani kazi yake ni kukunja mkono tu. Leonardo aliona kwamba kano yake inaushika ule mfupa wa upande wa kidole gumba, na kwa hiyo unaugeuza pia. Kwa mchoraji hili si jambo dogo. Mtu aliyeinua kiganja kuomba na mtu aliyekiweka juu ya meza wana mikono miwili tofauti mpaka karibu na bega, ingawa viwiko vyao vimekunjika sawa.

Hata hivyo maiti peke yake inadanganya. Misuli yake imelegea yote, imelala, rangi imekwenda, na hakuna uzito unaobebwa na mguu. Ndipo kijana wa karakana anapoitwa avue nguo na asimame. Kwa maiti unajua kilichopo. Kwake yeye unaona kipi kinafanya kazi sasa hivi. Michelangelo, aliyepasua maiti akiwa kijana katika nyumba ya watawa ya Santo Spirito, alimchora mwanamume hai kwa chaki nyekundu alipokuwa akitafuta umbo la Sibila wa Libia, nabii wa kike aliyemchora kwenye dari la kanisa la Sistina, Vatikani. Pembeni ya karatasi amerudia kidole gumba cha mguu wa kushoto, tena na tena, kwa sababu uzito wote wa mwili uliojipinda unakanyaga pale.

Tofauti iliyoletwa na kisu inaonekana vizuri shingoni. Leonardo alianza picha ya Mtakatifu Jeromi karibu mwaka 1480, na hakuimaliza, iko Vatikani. Mzee aliyekonda amepiga magoti, ameshika jiwe la kujipigia kifuani, simba yuko mbele yake. Mtaalamu wa michoro yake, Martin Clayton, ametoa hoja kwamba shingo ile haiwezi kuwa ya mwaka 1480. Karibu mwaka 1495, alipomchora Yuda kwa ajili ya Karamu ya Mwisho, Leonardo alikuwa bado anaikosea misuli ya shingo, na kwenye karatasi za 1510 ndipo inapokuwa sahihi. Kwa Jeromi ni sahihi. Kwa hoja hiyo, aliirudia picha ya ujana wake miaka thelathini hivi baadaye, mikono ikiwa imeshapita kwenye shingo za wafu, na kurekebisha mahali pamoja: pale msuli unaposhuka kutoka nyuma ya sikio, ukapita kando ya koo, ukashika mtulinga na kidari.