Je, wajua kwa nini mabati 30 yanageuka 60?

"Nyumba yangu ni mita 10 kwa 8, yaani mita za mraba 80. Bati la mita 3 lenye upana wa sentimita 90 lina mita za mraba 2.7, kwa hiyo mabati 30 yanatosha. Mbona fundi kaandika 60?"

Huenda hajakuibia. Wewe umepima sakafu, yeye kapima paa.

Tuchukue paa la pande mbili, lenye upenu wa sentimita 60 kila upande. Urefu sasa ni mita 11.2. Kutoka katikati ya nyumba hadi mwisho wa upenu ni mita 4.6 ukipima kwa usawa, lakini bati halilali kwa usawa. Kenchi ikipanda mita 2 katika zile mita 4 za mwanzo, kila mita ya usawa inakuwa mita 1.118 ya mteremko. Zidisha: mita 5.14.

Bati likipanda juu ya mwenzake kwa mgongo mmoja na nusu, zile sentimita 90 zinabaki kama 78. Gawa 11.2 kwa 0.78 upate 14.4, yaani mistari 15, maana huwezi kununua mstari nusu. Kila mstari unahitaji mabati mawili, kwa sababu moja halifiki mita 5.14. Mistari 15, mara mabati 2, mara pande 2: ndiyo hayo 60.

Hapo ndipo pa kumbana fundi. Mabati mawili ya mita 3 yakipishana sentimita 20 yanafika mita 5.8, kwa hiyo zaidi ya nusu mita inakatwa kila mstari. La juu likiwa la mita 2.5, unapata mita 5.3: zinatosha, na bati linatokeza kidogo nje ya fasia. Idadi inabaki 60, ila 30 ni mafupi na bei inashuka. Usikubali kuokoa kwa kupunguza mpishano. Paa likiwa bapa, upepo husukuma maji yarudi juu na kupenya kwenye kiungo.

Papi, zile mbao zinazopigiliwa mabati, nazo zina mtego wake. Kwa nafasi isiyozidi sentimita 90 unapata mistari 7 kila upande, jumla 14. Ukijumlisha urefu wote na kugawa kwa papi ya futi 12, ambayo ni mita 3.66, utapata 43. Lakini papi tatu zinafika mita 10.98 tu; zimepungua sentimita 22. Tena kiungo lazima kiangukie juu ya kenchi, si hewani, kwa hiyo nyingi zitakatwa. Hesabu papi nne kila mstari: 56.

Paa la pande nne halihesabiwi hivi, kwani pembeni kila bati hukatwa mshazari. Hapo mwambie fundi achore kila mstari na urefu wake kabla hujalipa.