Mseto wako wa hisa hubadilika hata usipougusa

Watu wengi wanaokuja kwangu kwa ushauri huniuliza kama kusawazisha uwekezaji wao kila mwaka, yaani kuurudisha kwenye uwiano waliouchagua mwanzo, kutawaongezea faida. Huwajibu kwamba mara nyingi kutaipunguza kidogo. Halafu tunakaa chini na kupiga hesabu pamoja, kwa sababu bila hesabu jibu hilo halieleweki.

Chukua mtu mwenye 100,000. Ameamua kwamba 60,000 iwe kwenye hisa na 40,000 kwenye hati fungani, yaani mikopo kwa serikali au kampuni inayolipa riba, na uwiano huo wa 60 kwa 40 ameuchagua akijua ni hasara kiasi gani anaweza kuivumilia. Tuseme hisa zinapanda asilimia 20 kila mwaka kwa miaka mitatu, na hati fungani zinaleta asilimia 4. Asipogusa chochote, mwisho wa mwaka wa tatu ana karibu 148,700. Aliyekuwa akirudisha uwiano wake kila mwisho wa mwaka ana 146,600. Amekosa kama 2,100, kwa sababu kila mwaka aliuza kidogo kile kilichokuwa kinapanda akanunua kilichokuwa kinajikokota. Ndivyo ilivyo kila hisa zinapopanda mfululizo, na sioni sababu ya kumficha mteja.

Sasa tazama kilichotokea kwa yule wa kwanza. Hisa zake zimefika karibu asilimia 70 ya mali yake yote. Hakuna siku aliyoamua kubeba hatari hiyo; bei zimempandisha huko taratibu. Mwaka wa nne hisa zikianguka asilimia 40, yeye anapoteza karibu asilimia 26.7 na kubaki na 109,000. Mwenzake anapoteza asilimia 22.4, anabaki na takriban 113,800. Na kwa kuwa mwenzake alinunua hisa tena mwisho wa mwaka huo mbaya ili zirudi asilimia 60, zikipanda asilimia 50 mwaka wa tano anafika karibu 149,700, wakati wa kwanza yuko 142,000.

Hapo ndipo faida ya kusawazisha hutokea, pale bei zinapoanguka na kurudi. Mwaka 2008 hisa za kampuni kubwa za Marekani zilizo kwenye fahirisi ya S&P 500 zilishuka takriban asilimia 37 pamoja na magawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, kisha 2009 zikapanda zaidi ya asilimia 26. Aliyesawazisha mwisho wa 2008 alinunua wakati wengine wanakimbia. Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Mkono unapotakiwa kubonyeza kitufe ni zito sana, nami nimewaona wateja wakiahirisha tarehe yao ya kusawazisha wiki baada ya wiki mpaka bei zikawa zimepanda.

Lakini hisa zikianguka miaka miwili mfululizo, hesabu hugeuka. Rudi kwenye ile 100,000: hisa zishuke asilimia 30 mara mbili, hati fungani zikiendelea na asilimia 4. Asiyegusa kitu anabaki na karibu 72,700. Aliyesawazisha katikati anabaki na 69,900, maana alihamishia fedha salama kwenye kitu kilichoendelea kuporomoka. Hisa za Marekani zilishuka 2000, 2001 na 2002, kwa hiyo si jambo la kufikirika tu. Na mwaka 2022 hisa na hati fungani zilishuka pamoja huko huko, na hapo uwiano wowote kati ya viwili hivyo ulikuwa na kinga ndogo.

Kwa nini mwaka, na si mwezi? Bei iliyoanza kupanda mara nyingi huendelea kwa miezi kadhaa, na anayesawazisha kila mwezi huikata njiani huku akilipa ada ya dalali kila mara. Tarehe yenyewe haina uchawi wowote. Nasisitiza tu iwekwe mapema na isisogezwe kwa sababu ya habari za siku hiyo.

Kabla ya kuuza chochote, tazama kama una fedha mpya ya kuweka. Baada ya mwaka wa kwanza wa mfano wetu, hisa ni 72,000 na hati fungani 41,600. Kurudisha uwiano kwa kuuza kunahitaji kuhamisha hisa za 3,840, na huenda ukalipa ada na kodi ya faida. Badala yake gawanya 72,000 kwa 0.6, unapata 120,000. Hiyo ndiyo jumla inayofanya hisa hizo ziwe asilimia 60. Jumla ya sasa ni 113,600, kwa hiyo ukiweka 6,400 yote kwenye hati fungani, umesawazisha bila kuuza hata hisa moja. Kama huna kiasi hicho chote, weka ulichonacho pamoja na magawio ya mwaka, kisha uza tu kinachohitajika kufidia kilichobaki.