PNR haitafuti fedha: jinsi ya kudai nauli iliyokwama miezi mingi

Wiki hii nimeletewa tena barua ile ile, safari hii ikiwa na nakala kwa Waziri. Mteja amefuta safari, shirika la ndege limemwandikia kuwa marejesho yake yamekamilika, miezi imepita bila senti kuonekana, na hitimisho lake ni kwamba benki imekalia fedha zake. Ushahidi alioambatanisha ni PNR yenye herufi na tarakimu sita, picha ya meseji ya makato ya siku aliyonunua tiketi, na ahadi ya kutufikisha mbele ya vyombo vya sheria. Ninafanya kazi benki, katika kitengo cha pingamizi za miamala ya kadi, na kwa vitu hivyo vitatu siwezi kutafuta chochote, hata kama Waziri mwenyewe atakuja kukaa pembeni yangu.

Nianze na PNR, kwa kuwa ndiyo inayonukuliwa na kila mtu. PNR ni alama ya nafasi yako kwenye ndege. Safari ikipita, rekodi ile huondolewa kwenye mfumo, na herufi zile zile hupewa abiria mwingine. Kinachobaki ni namba ya tiketi, yenye tarakimu 13, ambayo tarakimu zake tatu za mwanzo hutambulisha shirika: 706 ni Kenya Airways, 197 ni Air Tanzania, 071 ni Ethiopian. Imeandikwa kwenye risiti ya tiketi uliyotumiwa kwa barua pepe, si kwenye kadi ya kupandia ndege peke yake. Barua kwa shirika la ndege isiyo na namba hiyo humrudisha mhudumu kukuomba namba hiyo, na hapo umeshapoteza zamu yako kwenye foleni.

Sasa tufike kwenye jambo linaloniudhi kweli, yaani neno "yamekamilika". Marejesho ya nauli yana pande mbili ambazo haziendi kwa mwendo mmoja. Upande wa kwanza ni wa tiketi: ofisa wa shirika hufungua tiketi, huhakikisha kuponi zake, yaani sehemu ya tiketi kwa kila ndege, hazijatumika, hupiga hesabu ya kinachorudishwa, kisha hubadilisha hali ya kuponi isomeke kuwa imerejeshwa. Upande wa pili ni wa fedha: maelekezo hupelekwa kwenye benki inayolipokelea shirika malipo ya kadi, benki hiyo huyapeleka Visa au Mastercard, na mwisho yanaifikia benki iliyokupa kadi. Barua pepe ya "marejesho yako yamekamilika" mara nyingi hutumwa upande wa kwanza ukiisha. Aliyekuandikia hadanganyi, kwa sababu kwenye skrini yake kazi imeisha kweli. Ila hajui kama maelekezo ya fedha yalitoka, yalikataliwa au yamelala kwenye fungu linalosubiri kuidhinishwa, na wewe ukimuuliza "fedha zangu ziko wapi?" atasoma skrini ile ile na kukujibu yale yale.

Swali linalomlazimisha kutazama upande wa pili ni moja: naomba ARN ya muamala wa marejesho. ARN ni namba ya tarakimu 23 ambayo benki ya muuzaji huupa muamala wa kadi unapoingia kwenye mtandao wa Visa au Mastercard. Kama ipo, fedha zimetoka kwa shirika na benki yako inaweza kuzifuatilia. Kama haipo, fedha hazijatoka, barua pepe iseme itakavyosema. Wapo watakaokupa namba ya tarakimu 12 au alama ya idhini ya tarakimu sita. Hizo husaidia kidogo, lakini mimi nikizipokea peke yake huishia kubahatisha.

ARN yenyewe inasomeka, na hapa ningeomba uvumilivu, maana ujuzi huu mdogo umewaokoa watu wengi. Tarakimu ya kwanza ni ya muundo, sita zinazofuata hutambulisha benki ya muuzaji, kisha huja nne za tarehe: ya kwanza kati ya hizo ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, na tatu zilizobaki ni siku ya ngapi ya mwaka huo. Kwa hiyo 5048 ni siku ya 48 ya mwaka 2025, yaani tarehe 17 Februari. Zilizobaki ni mfululizo na tarakimu ya uhakiki, ambazo unaweza kuziacha.

Chukua mfano huu, ambao nimebadilisha tarehe na kiasi ili mwenyewe asijulikane. Mama mmoja alinunua tiketi ya Dar es Salaam hadi Amsterdam tarehe 3 Novemba 2024 kwa dola 842. Shirika likafuta safari mwezi Januari, naye akaomba marejesho tarehe 20 Januari 2025. Tarehe 14 Februari akaandikiwa kuwa yamekamilika. Akasubiri kwa adabu hadi Julai, akapiga simu mara nyingi, na kila simu ikafunguliwa faili jipya. Nilimshauri aache kupiga, atafute namba ya faili la kwanza kabisa, kisha ajibu ndani ya mazungumzo yale yale ya barua pepe. Faili jipya huanza kuhesabiwa siku upya, na ofisa anayeliona hudhani dai lina wiki moja. Barua yake ilikuwa hivi:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Niliomba marejesho ya tiketi namba (tarakimu 13) tarehe 20 Januari 2025, kufuatia safari kufutwa na shirika, na tarehe 14 Februari mlinijulisha kuwa yamekamilika. Hadi leo taarifa ya akaunti yangu, niliyoiambatanisha kuanzia tarehe hiyo, haioneshi muamala huo. Naomba mnipatie ARN ya muamala wa marejesho, tarehe yake, kiasi na sarafu, pamoja na tarakimu nne za mwisho za kadi iliyorejeshewa. Kama muamala haujatumwa, naomba tarehe utakapotumwa. Nitashukuru kupata majibu ndani ya siku 14, ili nijue kama niendelee nanyi au nipeleke suala hili kwa mamlaka husika."

Hakuna tusi humo, wala historia ya familia, wala maelezo ya jinsi alivyoteseka. Kuna swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa "tunalifanyia kazi" bila aliyejibu kuonekana amelikwepa. Kwa kuwa safari ilifutwa na shirika la Ulaya, aliongeza sentensi moja inayotaja Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004, kifungu cha 8, kinachotoa siku saba za kurejesha nauli ya safari iliyofutwa. Kanuni hiyo huhusu ndege yoyote inayoondoka Umoja wa Ulaya, na inayokwenda huko ikiwa shirika ni la huko. Ukiitaja kwa safari ya Dar hadi Dubai, unamwonesha msomaji kuwa umenakili barua ya mtu mwingine, naye atakuchukulia hivyo.

Jibu lilikuja na namba ya tarakimu 23, mama akashangilia. Nilipoisoma, tarakimu zake za tarehe zilikuwa 4308. Siku ya 308 ya mwaka 2024 ni tarehe 3 Novemba, siku ya manunuzi. Walimpa ARN ya kukatwa badala ya ile ya kurejeshewa, kosa ninaloliona mara nyingi sana, kwa kuwa mhudumu hunakili namba ya kwanza anayokutana nayo. Akajibu kwa upole, akinukuu tarakimu hizo nne na kueleza maana yake. Safari hii namba sahihi ilikuja, ikiwa na 5048.

Na hapa ndipo inanilazimu kukiri jambo ambalo vijitabu vyetu vya huduma kwa wateja havilitaji. Fedha zilikuwa kwetu. Kadi yake ilikuwa imebadilishwa mwezi Desemba, marejesho yakaja kwa namba ya kadi ya zamani, na badala ya kufuata akaunti yakaangukia kwenye akaunti ya ndani tunayowekea miamala isiyojulikana mwenyewe. Mara nyingi mfumo huunganisha namba ya zamani na akaunti bila shida, ila mara nyingine hauunganishi, na muamala uliolala humo hautafutiki kwa jina la mteja kwa sababu haujaunganishwa na jina. Hutafutwa kwa ARN. Kwa hiyo anayelalamika kuwa benki imekalia fedha zake huenda ana haki, lakini bila namba hiyo hakuna ofisa atakayeweza kumwonesha.

Ukija benki, andika. Usiishie kwenye simu. Taja ARN, tarehe, kiasi kwa sarafu ya awali, tarakimu nne za mwisho za kadi ya zamani na za kadi mpya, kisha omba namba ya lalamiko. Usitegemee meseji, kwa kuwa marejesho huweza kuingia bila meseji yoyote. Tazama taarifa ya akaunti. Benki isipokujibu, Benki Kuu ya Tanzania hupokea malalamiko ya wateja wa benki, lakini itataka kuona kwamba ulianza na benki yako. Shirika la ndege lisipojibu, mlango ni mamlaka ya usafiri wa anga: kwa Tanzania ni TCAA, na kwa Kenya ni KCAA. Uliyemlipa wakala fedha taslimu au kwa simu, hakuna ARN ya kudai. Fedha hurudi kwa wakala, naye ndiye wa kubanwa kwa namba ya tiketi.

Kuna saa nyingine inayotembea huku ukiwa mpole. Shirika likikataa kutuma fedha linazodaiwa, benki yako inaweza kufungua pingamizi la muamala kupitia mtandao wa kadi, na muda wa kawaida ni siku 120. Tunabishana ofisini zianzie kuhesabiwa lini: siku ya kuomba marejesho, siku ya barua ya ahadi, au siku ambayo safari ingefanyika. Kila upande una hoja, na jibu hutegemea sababu ya pingamizi iliyochaguliwa. Mimi huhesabu kutoka tarehe ya mapema kuliko zote. Kwa mama yule, kutoka 20 Januari siku ziliisha 20 Mei, na hata ukihesabu kutoka barua ya ahadi ziliisha 14 Juni. Alikuja Julai. Angekuwa na shirika lisilotuma kitu, njia hii ingekuwa imefungwa kwa hesabu zote mbili. Kwa hiyo ukifikisha siku 60 bila ARN, njoo benki hata kama unaendelea kuandikiana na shirika, na usikubali vocha ya safari wakati huo, maana vocha uliyoikubali huua pingamizi.

Fedha za mama ziliingia kwenye akaunti yake ya shilingi ndani ya wiki ile, zikiwa tofauti na alizokatwa. Dola zilikuwa 842 zile zile, ila zilibadilishwa kwa kiwango cha siku nyingine. Tofauti hiyo shirika halidaiwi. Anachoweza kuomba, na aliomba, ni benki imwandikie kiwango ilichotumia na tarehe yake.