Friji si mlinzi wa ujauzito wako

Wiki iliyopita nimeambiwa tena, "Dada, chakula kilikuwa ndani ya friji muda wote, kitaharibikaje?" Aliyesema ni binti wa hapa Mwanza, mimba ya miezi sita, msomi, makini na kiliniki zake zote. Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi mno, kwa hiyo leo naandika kirefu.

Friji haiui bakteria. Inawapunguza kasi tu, na wengi wao inawapunguza vya kutosha. Bakteria aitwaye listeria ni tofauti. Huyu anakua kwenye baridi, hata karibu na nyuzi sifuri, na chumvi ya poloni au ya samaki haimtishi sana. Wenzake wakizubaa kwa baridi, yeye anabaki na chakula peke yake. Wala hatoi harufu. Wanaonusa kipande cha poloni na kusema "bado kizima" wananusa bakteria wa kuozesha, ambao ni wengine kabisa. Chakula kinaweza kuwa na listeria nyingi na kikanukia vizuri kabisa.

Kwa mtu mwenye afya, mara nyingi mambo huishia kwenye tumbo kuvurugika, au hata hajui. Kwa mjamzito kinga ya mwili imelegea upande huu, uwezekano wa kuugua unapanda kama mara kumi, na bakteria anavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Mama anapata homa na maumivu ya mwili kama mafua. Mtoto ndiye anayelipa: mimba kuharibika, kufia tumboni, au kuzaliwa na maambukizi ya damu au ya uti wa mgongo. Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018 waliugua zaidi ya watu 1,000, wakafa zaidi ya 200, na zaidi ya wagonjwa wanne kati ya kumi walikuwa watoto wachanga. Chanzo kilikuwa poloni. Si chakula cha ajabu cha Wazungu; ni poloni ileile watu wanayokula na mkate asubuhi.

Turudi kwa binti wangu. Alikuwa na vitu vitatu: pakiti ya poloni iliyofunguliwa Jumamosi, jibini la feta la supamaketi, na vipande vya sangara wa moshi vilivyonunuliwa mwaloni Kirumba. Ilikuwa Alhamisi, siku ya tano. Nilimwambia aweke kipimajoto ndani ya glasi ya maji, aiache kwenye friji usiku kucha, asome asubuhi. Kilisoma nyuzi 10. Hakushangaa sana, maana umeme ulikuwa umekatika mara mbili wiki hiyo na mpira wa mlango umechoka.

Hapo ndipo watu hawanielewi, kwa hiyo nifanye hesabu. Tuseme poloni ilianza na bakteria 10 tu kwenye kipande. Kwenye nyuzi 4 huongezeka maradufu takriban kila saa 30, yaani mara nne kwa siku tano: wanafika 160. Kwenye nyuzi 10 huongezeka maradufu kwa muda kama wa saa 8. Siku tano zina saa 120, kwa hiyo ni mara kumi na tano, na 10 wanakuwa zaidi ya 300,000. Kasi halisi inategemea chakula chenyewe, na mwanzoni bakteria huchelewa kidogo kuamka, lakini umeona tofauti ilivyo. Friji ni ileile, siku ni zilezile, poloni ni ileile. Anayeniambia "ilikuwa kwenye friji" hajaniambia kitu mpaka aniambie nyuzi ngapi na siku ngapi.

Mnaniuliza: basi ya siku ya kwanza naweza kula baridi? Nasema hapana, ingawa nakiri kwamba pakiti nyingi hazina listeria kabisa, na wanawake wengi wamekula wakajifungua salama. Siwezi kuiona pakiti yako kwa macho, nawe huwezi. Ninachoweza kukupa ni njia rahisi: ipashe moto mpaka itoe mvuke hadi katikati, nyuzi 74 au zaidi, kisha ule ikiwa ya moto. Listeria anakufa kwa joto hilo. Soseji, hemu na salami vivyo hivyo. Kuweka frizani hakumuui. Kunamsimamisha tu, chakula kikiyeyuka anaendelea.

Jibini nalipita haraka. Jibini gumu kama cheda halina wasiwasi mkubwa. Jibini laini la maziwa yasiyopasteurishwa, acha. Bri na kamembeti zina unyevu na uchachu kidogo, kwa hiyo hata zikiwa za maziwa yaliyopasteurishwa nataka zipikwe. Feta ya maziwa yaliyopasteurishwa ina chumvi na uchachu, nayo ikiwa kwenye pakiti iliyofungwa kiwandani siikatazi. Shaka yangu ni feta inayokatwa kaunta kwa kisu kilichotoka kukata hemu. Ya binti ilikuwa hivyo. Nilimwambia aiweke juu ya piza na kuioka.

Sasa samaki, ambao ndio wananikera, maana huku Ziwa watu wanaamini moshi umeshamaliza kazi. Sangara wetu hukaushwa kwa moshi wa moto na nyama yake inaiva kabisa, tofauti na samaki wa kizungu anayefukizwa kwa moshi baridi bila kuiva. Kwa hiyo ni kweli, akitoka kwenye tanuri listeria wote wamekufa. Lakini hali yake haiishii hapo. Anawekwa juu ya meza moja na samaki wabichi, anashikwa na mikono kumi, anakatwa kwa panga lililokata sato mbichi, anafungwa kwenye gazeti. Listeria anaingia baada ya moshi. Kisha nyumbani anawekwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya friji, anarudi kuwa laini na unyevu, na hapo ndipo mtu anasema amekaushwa.

Jambo jema ni kwamba sisi humpika tena. Akichemka kwenye mchuzi wa karanga hadi moyo wa nyama uwe wa moto sana, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni kudonoa. Binti alikiri: jioni akimenya samaki kwa ajili ya mchuzi, vipande vitatu vinne vinaingia mdomoni. Hicho ndicho chakula cha hatari pale jikoni, na hakuna anayekihesabu kama chakula. Na tafadhali, asitokee wa kukataza mjamzito samaki. Nataka ale samaki, aliyepikwa.

"Sasa dada, nilivyokwisha kula?" Hana homa, hana maumivu. Sikumpa dawa wala kipimo. Asiye na dalili hapimwi wala hatibiwi. Nilimwambia ajiangalie, maana dalili zinaweza kuchelewa wiki kadhaa, hata miezi miwili. Akipata homa aende kituoni siku hiyohiyo, na kipimo cha malaria kikisoma hasi asirudi nyumbani na panadol. Aseme alikula nini, aombe damu ioteshwe maabara. Na amkumbushe daktari kwamba seftriaksoni, tunayoikimbilia kwa kila homa kali, haimgusi listeria. Dawa yake ni ampisilini.

Jana amenipigia. Mpira wa mlango umebadilishwa, kipimajoto kinasoma 4, na poloni iliyobaki aliitupa mwenyewe. Sangara alimchemsha wote usiku uleule.