Bajaji kurudisha moto kwenye kabureta: maana yake

Bajaji ikirudisha moto, mchanganyiko wa petroli na hewa umewaka huku vali ya kuingizia ikiwa wazi. Mlipuko hutokea kwa nyuma kupitia kabureta, na unasikia "pah!" kwenye filta ya hewa. Mlio ukitokea kwenye ekzosi, hilo ni tatizo jingine. Kwa injini ya mipigo minne, swali ni hili: moto umekutaje vali hiyo wazi?

Anza na mchanganyiko, maana kuupima ni bure. Hewa ikizidi petroli, mchanganyiko huungua polepole, na moto unaweza kuwa bado upo vali ikifunguka tena. Vuta choki. Mlio ukikoma na injini ikashika, safisha jeti ndogo ya kabureta, kisha kagua mpira unaoiunganisha na injini. Ukiwa na ufa, unanyonya hewa ya ziada.

Sasa chukua bajaji inayowaka asubuhi, lakini ikishapata joto na kuzimwa inagoma, na choki haisaidii. Hapo mimi naenda moja kwa moja kwenye tapeti. Kati ya roka, mkono unaosukuma vali, na shina la vali lazima pawe na nafasi, ambayo ni sehemu chache tu za mia za milimita. Shina likipata joto hurefuka; kama nafasi imekwisha, vali haikai kwenye kiti chake, kompresheni inavuja na moto unapata mlango. Vali nayo huzama kidogo kidogo kwenye kiti kadiri injini inavyofanya kazi, kwa hiyo nafasi inaweza kupungua bila mtu kugusa chochote. Madereva hufurahia tapeti zilizo kimya kabisa, lakini mimi hizo ndizo zinanitia shaka.

Pima injini ikiwa ya baridi. Geuza magneti mpaka alama yake ikutane na ya kava, kisha tikisa roka zote mbili. Zote zikicheza, uko juu ya kompresheni. Zikiwa zimebana, zungusha mzunguko mmoja zaidi ndipo upime, kwa vipimo vya kitabu cha modeli hiyo.

Taimingi, yaani wakati wa cheche kupiga, huja mwisho. Kwenye injini nyingi zenye sidiai, kile kisanduku cha umeme kinachopiga cheche, hairekebishwi, hivyo ikiwa imepotea kuna kitu kimehama: nati ya magneti imelegea na kukata kifunguo, kile kipande cha chuma kinachoishikilia magneti mahali pake, au pikapu, koili inayoiambia sidiai lini ipige cheche, imelegea. Magneti nyingi hutoa cheche kila mzunguko, hata mwisho wa mpigo wa kutoa moshi. Ikichelewa, cheche hiyo ya ziada huikuta vali ya kuingizia imeshaanza kufunguka. Fungua kava na uangalie kifunguo kabla ya kununua sidiai mpya. Kikiwa kizima, kagua alama za cheni ya taimingi, kwani ikiruka jino moja tu vali hufunguka wakati usio wake.