Sufuria ya mchuzi na daftari lisilodanganya

Jiko dogo nililoitwa kukagua lilikuwa na orodha ya hatua 14 walizoziita muhimu, kuanzia kupokea mboga hadi kufuta meza. Watu watatu hawawezi kufuatilia hatua 14, kwa hiyo waliziandika tu.

Mimi huuliza swali moja: hatua hii ikiharibika, kuna hatua ya mbele itakayoondoa hatari? Mboga za kupikwa zisipooshwa vizuri, moto utaua bakteria. Usafi bado unatakiwa, ila hapo si mahali pa kuweka kikomo cha HACCP, mfumo wa kudhibiti hatari za chakula kwenye hatua chache zilizo muhimu kweli. Kupoza chakula kilichopikwa ni jambo jingine. Baadhi ya bakteria huacha spora zinazostahimili kuchemka, nazo huamka sufuria inapopoa polepole. Wengine hutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kosa la kupoza halirekebishiki kesho yake.

Kikomo ninachotumia ni hiki: chakula kitoke nyuzi 57 za selsiasi hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha kifike 5 kabla ya saa sita kutimia tangu mwanzo. Sehemu ya kwanza ndiyo kali, kwa kuwa kati ya nyuzi hizo bakteria huzaana upesi mno.

Tulijaribu na mchuzi wa lita 20, ukiwa kwenye sufuria yake. Saa 8:00 mchana ulikuwa nyuzi 57. Saa 10:00 nilichoma kipimajoto katikati, kikasoma 31. Pembeni sufuria ilikuwa vuguvugu tu, na mpishi alikuwa ameridhika kwa kuigusa. Kwa kuwa saa mbili ndizo kwanza zimetimia, tuliurudisha jikoni papo hapo hadi nyuzi 74, tukaumimina kwenye trei kwa kina cha sentimita 5 na kuzikalisha kwenye maji ya barafu. Saa 10:50 ulishuka tena hadi 57, saa 12:20 jioni ukawa 19, na saa 3:40 usiku ukafika 5. Kama 31 ile ingegunduliwa saa 2 usiku, ningeumwaga wote.

Katika daftari, ile 31 ilibaki ilivyo, pamoja na saa, tulichofanya na sahihi ya aliyepima. Daftari lao la zamani lilikuwa na nyuzi 4 kila siku, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Joto halisi hupanda na kushuka, kwa hiyo ukurasa usio na hata kosa moja ndio ninaouchunguza kwanza.

Kipimajoto nacho nilikitia kwenye barafu iliyosagwa na maji kidogo. Kilipaswa kusoma 0, kikasoma −3. Maana yake kinapoonyesha 5, chakula kina 8. Tulikibadilisha, na jaribio letu lote tukalirudia siku iliyofuata.