Kwa nini hukuitwa kwenye usaili: namna tunavyosoma wasifu wa msaidizi wa utafiti

Kila tunapotangaza nafasi za wasaidizi wa utafiti wa kaya, dawati letu hapa Mwanza hupokea malalamiko yanayofanana: "Nina shahada, nina uzoefu, kwa nini sikuitwa?" Tunaamini wengi wanauliza kwa nia njema. Jibu karibu kila mara limo kwenye wasifu wenyewe, ukiulinganisha na tangazo sentensi kwa sentensi, kama sisi tunavyofanya.

Tuchukue tangazo la mfano. Utafiti ni wa kipato cha kaya za wavuvi katika mialo ya Ukerewe na Sengerema. Vigezo ni vitatu: kazi ya uwandani alama 40, uandaaji wa dodoso alama 30, na programu ya takwimu alama 30. Wasomaji wawili husoma kila wasifu, kila mmoja peke yake bila kuona alama za mwenzake. Wakitofautiana kwa zaidi ya alama 10, msomaji wa tatu huitwa. Alama hutolewa kwa kilichoandikwa tu. Msomaji haruhusiwi kukisia kwamba mtu wa shahada fulani "lazima anajua".

Kwenye kazi ya uwandani, waombaji wengi huandika: "Nilikuwa karani wa Sensa ya 2022." Hilo ni jambo la heshima na lina alama zake, lakini halikupi zote. Karani wa sensa hupewa eneo na kumhesabu kila mtu ndani yake. Kwenye utafiti wa sampuli, kaya chache huchaguliwa kutoka kwenye orodha, na mdadisi hana ruhusa ya kuibadilisha kaya iliyochaguliwa kwa sababu tu amekuta mlango umefungwa. Hurudi siku nyingine, saa nyingine, na kila ziara huandikwa.

Kando ya ziwa, kukiuka kanuni hiyo ndiko kunakoponza tafiti. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na taa zao. Mbalamwezi ikiwa kali, kazi hupungua au husimama. Mdadisi anayepita asubuhi tu katika siku za giza atakuta mvuvi amelala au bado yuko majini. Akihamia kaya ya jirani aliyepo nyumbani, siku kwa siku sampuli inajaa wenye maduka na wakulima, huku wavuvi ambao utafiti ni wao wakitoweka. Hutagundua hilo kwa kuhesabu madodoso, maana idadi itakuwa imetimia. Utaligundua ukitazama kazi ya mkuu wa kaya na saa ya kuanza mahojiano.

Ndiyo maana mwombaji aliyeandika "uzoefu mkubwa wa kukusanya data" hupata alama 10 kati ya 40. Aliyeandika "nilihoji kaya 96 katika mialo miwili, nikapanga ziara za marudio jioni kabla wavuvi hawajatoka, kaya 5 hazikupatikana baada ya ziara tatu" hupata 34. Wa pili huenda ana miezi miwili tu ya kazi. Hatuhesabu miaka, na tungeomba waombaji waache kutuandikia kurasa sita wakidhani urefu una alama. Wingi wa semina ulizohudhuria nao hauna alama.

Kigezo cha pili ndicho kinacholeta ubishi zaidi. "Niliandaa dodoso" mara nyingi maana yake ni kwamba mtu alipewa maswali yaliyokamilika akayaingiza kwenye kishikwambi kwa KoboToolbox au ODK. Hiyo ni kazi halali, na iandikwe hivyo. Kuandaa dodoso ni kutunga swali, kulijaribu kwa watu wanaofanana na watakaohojiwa, kuona linapokwama na kulirekebisha.

Mfano ni swali "Kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi?" Kwa mwalimu linajibika. Mvuvi kibarua hulipwa mgawo baada ya gharama za mafuta na chakula kutolewa, na mgawo wa leo haufanani na wa jana. Ukimuuliza hivyo atakupa namba ya kukuridhisha. Ni afadhali kumuuliza siku ya mwisho aliyotoka majini: walipata nini, kilipimwa kwa ndoo au gunia, kiliuzwa bei gani, gharama zilikuwa zipi, yeye alipata mgawo kiasi gani, kisha alitoka mara ngapi tangu mbalamwezi iliyopita. Swali jingine linalofeli ni "Je, unavua na kuuza samaki?" Hayo ni maswali mawili, katika kaya nyingi mume huvua na mke huuza. Mwombaji akiandika swali moja tu alilolibadilisha baada ya majaribio, na kwa nini, anapata zaidi ya nusu ya alama za kigezo hiki.

Kwenye programu, orodha ya "SPSS, Stata, R, Excel" bila kazi yoyote hupewa alama 5. Tunatafuta kitendo: uliunganisha mafaili gani, ulikuta kosa gani. Anayeitwa hupewa jaribio fupi, kwa mfano faili la kaya 240 na faili la wanakaya, hapa kwa Stata:

```
use kaya.dta, clear
isid kaya_id
merge 1:m kaya_id using wanakaya.dta
tab _merge
```

Tuseme kaya 6 zimetokea na `_merge` ya 1, yaani zipo kwenye faili la kaya lakini hazina mwanakaya hata mmoja. Wengi huandika `keep if _merge==3` na kuendelea. Hapo kaya 6 zimefutwa bila kuulizwa. Anayeijua kazi hutazama kwanza kama kuna pia wanakaya wenye `_merge` ya 2, yaani ambao kaya yao haimo kwenye faili la kaya. Wakiwapo, huenda namba ya kaya ilikosewa wakati wa kuingiza, na inaweza kusahihishwa. Wasipokuwapo, huenda mahojiano yalikataliwa au kuishia njiani, na msimamizi wa uwandani ndiye wa kuulizwa. Mwombaji aliyetaja tukio la namna hii kwenye wasifu wake, hata kwa programu moja tu, anamshinda aliyeorodhesha nne.

Kuhusu viambatisho, tunasisitiza tena. Maombi yawe faili moja la PDF, yenye barua, wasifu, nakala za vyeti zilizothibitishwa, na wadhamini watatu wenye simu zinazopatikana. Angalau mmoja awe aliyekusimamia uwandani, kwa sababu tutampigia na kumsomea ulichoandika. Akikana, maombi yanafutwa. Ikigundulika baada ya mkataba, mkataba unavunjwa. Cheti cha kughushi si suala letu la ndani: ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na hupelekwa polisi.

Usiambatishe data halisi kama sampuli ya kazi yako. Tumepokea mafaili yenye majina na namba za simu za wahojiwa. Watu hao walijibu kwa ahadi ya usiri, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawalinda. Maombi ya namna hiyo hatuyasomi, na faili linafutwa. Tuma amri ulizoandika bila data, au data uliyoitunga mwenyewe.

Ambaye hakuitwa na anataka kujua sababu aandike barua akitaja namba ya maombi yake. Atapewa alama zake kwa kila kigezo pamoja na maelezo ya wasomaji. Za mwombaji mwingine hatapewa.